Nyuso za herufi kwenye meseji: namna ya kuandika :-) na (^_^) zikafika zilivyo hata kwenye kitochi

Maswali ni yaleyale kila msimu. "Mbona kicheko changu kimefika kama kiboksi?" "Mbona meseji moja imekata hela ya tatu?" "Mpwa wangu kaniandikia (T_T), ananitukana?" Wanaouliza zaidi ni makatibu: wa AMCOS za korosho na ufuta, wa vikoba, wa kamati za shule, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Nachingwea na Kilwa. Hao ndio wanaotuma ujumbe mmoja kwa watu arobaini, nusu wana simujanja na nusu wana kitochi.

Mwongozo huu unahusu meseji za kawaida, zile zinazofika hata pasipo na intaneti. Huko ndiko nyuso za kuandika kwa herufi zinakoshinda picha, na sababu utaiona kwenye hatua ya 5. WhatsApp tutaigusa mwishoni, kwa sababu ina vituko vyake.

Kwanza ujue unashika kitu gani

Kuna vitu vitatu ambavyo watu huviita vyote "emoji", na kuchanganya huko ndiko kunakoleta matatizo.

Emotikoni ni uso uliolala ubavu, kama `:-)`. Inamisha kichwa upande wa kushoto utauona: nukta pacha ni macho, kistari ni pua, bano ni mdomo. Aliyependekeza itumike ni Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, tarehe 19 Septemba 1982. Watu wa chuo hicho walikuwa wakiandikiana kwenye kompyuta, mmoja akatania kuhusu ajali ndani ya lifti, wengine wakadhani ni tahadhari ya kweli. Fahlman akasema utani uwekewe `:-)`, na kisicho utani kiwekewe `:-(`. Kwa hiyo alama hii ilizaliwa kutenganisha utani na ukweli, na mtu wa kusini hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mtani wako akikutania uso kwa uso unamwona anavyocheka. Kwenye meseji humwoni.

Kaomoji ni uso uliosimama wima, kama `(^_^)`. Ulianza kuonekana Japani kwenye mitandao ya kompyuta mwaka 1986. Jina lenyewe ni la Kijapani: kao ni uso, moji ni herufi.

Emoji ni picha. Seti maarufu ya mwanzo, ya picha 176, ilitengenezwa na Shigetaka Kurita kwa kampuni ya simu ya NTT DoCoMo mwaka 1999, na kila picha ilikuwa na vidoa 12 kwa 12 tu. Mwaka 2010 emoji ziliingizwa kwenye Yunikodi, orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake. Jambo la kushika hapa ni kwamba ukituma 🙂 hutumi picha, unatuma namba. Simu ya mpokeaji ndiyo inayochora kwa mkono wake yenyewe. Isipoijua namba hiyo, inachora kiboksi.

Uso wa herufi hauna mambo hayo. Ni mabano na vistari ambavyo kila simu inavyo tayari.

Vinavyohitajika

- Simu unayotumia kuandikia, ya aina yoyote.
- Kitochi kimoja cha kujaribia. Azima hata cha jirani kwa dakika kumi.
- Salio au kifurushi cha meseji tano.
- Kalamu na karatasi ya kuhesabia herufi.

Hatua ya 1: Zijue alama zilipo

Kwenye vitochi vingi, ukiwa unaandika meseji, bonyeza kitufe cha nyota `*` na jedwali la alama litafunguka. Unasogea kwa vitufe vya pembeni na kuchagua kwa kitufe cha katikati. Kitufe namba 1 nacho hutoa nukta, mkato, kiulizo na kistari ukikibonyeza mara kadhaa, ila jedwali ni la haraka zaidi.

Kwenye simujanja yenye kibodi ya Gboard, bonyeza `?123`. Kistari cha chini `_`, mabano, nukta pacha na nukta mkato viko hapo. Kwa kofia `^` na mkwaju wa nyuma `\`, bonyeza tena `=\<`.

Kabla hujaendelea andika mstari huu mmoja, ili vidole vizoee:

```
: ; - _ ( ) ^ < > T o m
```

Hizo kumi na mbili zinatosha kwa karibu kila uso ulioko humu.

Hatua ya 2: Anza na emotikoni tatu, kwa tahadhari

```
:-)   :-(   ;-)
```

Ya kwanza ni furaha au "natania". Ya pili ni huzuni au "sijapenda". Ya tatu ni kukonyeza.

Hiyo ya tatu iangalie vizuri. Kwa Wazungu kukonyeza huku ni "mimi na wewe tunaelewana". Kwetu kukonyeza kuna maana yake, na kila mtu anaijua. Usimtumie `;-)` mama mkwe, mke wa jirani, wala mwanafunzi wako. `:-P`, uso uliotoa ulimi, ni wa rika lako tu. Kwa mkubwa ni utovu wa adabu hata kama hukukusudia.

Acha nafasi moja kabla ya uso, na usiuweke ndani ya mabano mengine. Ukiandika "(nimefika salama :-)" msomaji hajui kama bano la mwisho linafunga sentensi au ni mdomo. Toa uso nje ya mabano, yaishe.

Hatua ya 3: Jenga kaomoji kutoka nje kwenda ndani

Usijaribu kukariri kaomoji kama picha nzima. Jenga hivi:

1. Weka mashavu: `( )`
2. Weka mdomo katikati: `(_)`
3. Weka macho pande zote mbili za mdomo: `(^_^)`
4. Kama kuna jasho, liweke upande wa kulia: `(^_^;)`

Sasa tazama hizi nne kwa karibu:

```
(^_^)   (T_T)   (-_-)   (>_<)
```

Mdomo ni uleule kwa zote nne, kistari cha chini kimoja. Kilichobadilika ni macho. Ya kwanza yamekunjwa kwa kucheka. Ya pili yanamwaga machozi, na mguu wa herufi T ndio mchirizi wenyewe. Ya tatu yamefumbwa kwa kuchoka au kukereka. Ya nne yamebanwa kwa maumivu, au kwa aibu ya kuharibu kitu.

Rudi kwenye `:-)` na `:-(`. Hapo macho ni yaleyale, kilichogeuka ni mdomo. Hii ndiyo tofauti kubwa ya aina hizi mbili: emotikoni ya Magharibi husemea mdomoni, kaomoji husemea machoni. Watafiti Yuki, Maddux na Masuda waliipima mwaka 2007, wakakuta Wajapani hutegemea zaidi macho kusoma hisia, na Wamarekani mdomo.

Faida yake kwako ni hii: kaomoji ikikuchanganya, ziba mdomo kwa kidole, soma macho peke yake. Maana nyingi ziko hapo.

Hatua ya 4: Chagua uso unaolingana na neno lako

Huhitaji mia mbili. Hizi sita zinabeba kazi nyingi za kila siku.

`(^_^)` ni furaha tulivu na shukrani. Haina kejeli, kwa hiyo ni salama hata kwa mtu usiyemzoea.

`(^_^;)` ni ile hali ya kucheka huku jasho linakutoka. Nukta mkato ndiyo tone la jasho. Inafaa umechelewa kurudisha deni dogo, au umepiga namba siyo. Emoji 😅 ni picha ya hali hiyohiyo.

`(T_T)` ni kulia, lakini mara nyingi ni kulia kwa kudeka: umeme umekatika mpira ukiwa dakika ya themanini, embe zimeisha. Mpwa aliyekuandikia hivyo hakutukani, analalamika. Usiitumie kwenye msiba. Huko uso wowote unapunguza uzito wa pole yako, na "pole sana, Mungu awape subira" inajitosheleza. Mtani aliyekuja kufanya utani wake msibani ana ruhusa yake, ila hata yeye afanye kwa mdomo, si kwa meseji.

`(-_-)` ni "nimechoka na habari hizi". Ni kali kuliko inavyoonekana. Ukiiweka peke yake bila neno, mpokeaji ataisoma kama mtu aliyenuna.

`(o_O)` ni mshangao: jicho moja dogo, jingine limetoka. Herufi ya kwanza ni o ndogo, ya pili ni O kubwa. Ukiziandika sawa, `(o_o)`, inakuwa mshangao mpole zaidi, kama mtu anayetazama tu.

`m(_ _)m` ndiyo inayosahaulika, na kwa maoni yetu ndiyo inayokaa vizuri kuliko zote kwenye adabu za huku. Ni mtu aliyeinama hadi chini. Herufi m mbili ni viganja vilivyowekwa sakafuni, mabano ni kichwa, vistari viwili ni macho yanayotazama chini. Wajapani huitumia kuomba radhi au kuomba jambo kwa unyenyekevu. Tazama inavyokaa:

```
Shikamoo mjomba. Nimekosa gari
la Masasi, nitafika kesho
asubuhi. Niwie radhi m(_ _)m
```

Mjomba asiyeijua ataona herufi za ajabu mwishoni, lakini "niwie radhi" imeshafanya kazi. Ndiyo kanuni: neno libebe maana, uso uongeze sauti tu. Ujumbe ambao hauelewiki ukiondoa uso, uandike upya.

Na angalia hilo pengo kati ya vistari viwili. Bila pengo, `m(__)m`, macho yanaungana na uso unapotea.

Hatua ya 5: Hesabu kabla ya kutuma

Hapa ndipo hela inapotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Meseji moja ina nafasi ya herufi 160, mradi kila herufi iwe kwenye orodha fupi ya herufi za simu iliyowekwa tangu zamani. Herufi zote za Kiswahili zimo, namba zimo, mabano, nukta pacha, kistari, kistari cha chini, `<` na `>` zimo. Ukiingiza hata kitu kimoja kisichomo, ujumbe wote unabadilishwa uandishi na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Si kwamba kitu kile kimoja kinakula nafasi 90. Kila herufi ya ujumbe inaanza kuchukua nafasi kubwa zaidi.

Ujumbe ukizidi kipimo unakatwa vipande, na kila kipande kinaacha nafasi kidogo ya kuunganishia. Vipande vya kawaida vinakuwa vya herufi 153, na vile vya uandishi mpana vinakuwa vya 67.

Emoji haimo kwenye orodha fupi. Tena emoji nyingi za nyuso huhesabiwa kama herufi mbili.

Kuna jambo la tatu. Kofia `^`, mkwaju wa nyuma `\`, mabano ya mraba, mabano ya mawimbi, wimbi `~` na mstari wima `|` zimo kwenye orodha, lakini kila moja inahesabiwa mara mbili. Hazikuangushi hadi 70, zinakula tu nafasi moja ya ziada. Kwa hiyo `(T_T)` ni nafasi 5, ila `(^_^)` ni 7, kwa sababu kofia mbili zinahesabiwa nne.

Tuchukue ujumbe wa katibu wa chama cha msingi:

```
Wanachama, mkutano ni Ijumaa saa 4 asubuhi hapa ghalani. Njooni na stakabadhi zenu za korosho. Watani wangu wakichelewa watabeba magunia yote
```

Ukihesabu pamoja na nafasi tupu, ni herufi 141. Katibu anataka kuweka alama ya utani mwishoni, maana kuna wazee ambao wataona wametishwa. Ana njia kadhaa:

Akiongeza nafasi tupu na `:-)`, anaongeza 4. Jumla 145, meseji moja.

Akiongeza nafasi tupu na `(^_^)`, anaongeza 8. Jumla 149, bado meseji moja.

Akiongeza nafasi tupu na 🙂, anaongeza 3 tu, jumla 144. Kwa macho ujumbe umekuwa mfupi kuliko ule wa kofia. Lakini sasa kipimo ni vipande vya 67. Viwili vinabeba 134, na bado kumi zimebaki. Ni meseji tatu.

Ana wanachama arobaini. Kwa `:-)` ametumia meseji 40. Kwa 🙂 ametumia 120. Kicheko ni kilekile, na wenye vitochi vya zamani huenda wameona kiboksi.

Hesabu hii inakuhusu hata kama huna mpango wa kuweka uso wowote. Kuna herufi moja ya Kiswahili yenye mtego: ile ya ng'ombe. Kikoma cha juu kilichonyooka `'` kimo kwenye orodha fupi. Kilichopinda ’ hakimo. Ukinakili ujumbe kutoka kwenye waraka wa kompyuta, au ukiandikia kwenye aifoni, kikoma mara nyingi kinapindishwa chenyewe, na "ng’ombe" moja inakupeleka kwenye 70. Kwenye aifoni zima `Smart Punctuation`, ipo kwenye `Settings`, `General`, `Keyboard`.

Onyo kuhusu kaomoji za kupendeza. Zipo kaomoji nyingi zilizojengwa kwa herufi za mataifa mengine. Hizi mbili utakutana nazo sana:

```
(´・ω・`)
¯\_(ツ)_/¯
```

Ya kwanza ni uso wa kunywea, na mdomo wake ni herufi ndogo ya Kigiriki, omega. Ya pili ni mtu anayeinua mabega kusema "sijui mie", na uso wake ni herufi ya Kijapani inayosomwa tsu. Zinavutia, lakini kwenye meseji zina gharama ileile ya emoji, na zina hatari ileile ya viboksi. Ziache kwa WhatsApp.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye kitochi

Tuma uso wako kwenye kile kitochi ulichoazima, ukiwa ndani ya sentensi, si peke yake. Angalia mambo mawili. Je, herufi zote zimefika? Na je, uso umekatwa katikati, nusu mwisho wa mstari na nusu mwanzo wa mstari unaofuata? Kioo cha kitochi ni chembamba, na `m(_ _)m` yenye pengo ndani hukatika kwa urahisi. Ikikatika, ongeza au punguza neno kabla yake, au ianzishie mstari wake.

Kisha tazama kihesabio cha simu yako wakati wa kuandika. Simu nyingi huonyesha kwenye kona herufi zilizobaki na idadi ya meseji, kwa mfano 15/1. Ukiweka alama na namba ya kwanza ikaporomoka ghafla au ya pili ikaruka kutoka 1 hadi 3, umeingiza kitu kisichomo kwenye orodha. Futa hicho cha mwisho, irudi.

Hatua ya 7: Hifadhi njia ya mkato

Kuandika `m(_ _)m` kila mara kunachosha. Kwenye Gboard fungua mipangilio, ingia `Dictionary`, kisha `Personal dictionary`, ongeza uso wenyewe na mbele yake weka njia ya mkato, kwa mfano `radhi1`. Ukiandika `radhi1` uso utajitokeza juu ya kibodi, uguse. Usitumie neno zima kama "radhi" lenyewe, la sivyo litakurukia hata pasipohitajika.

Kwenye kitochi, hifadhi uso kwenye violezo au kwenye rasimu za meseji. Kwenye kompyuta ya Windows 10 au 11, shika kitufe cha Windows na ubonyeze nukta. Dirisha litafunguka lenye sehemu ya kaomoji. Nyingi za humo ni zile za herufi za kigeni, kwa hiyo onyo la hatua ya 5 linabaki palepale.

Ikikwama

*Mpokeaji anaona viboksi au alama za kuuliza.* Umetuma emoji au herufi isiyomo kwenye simu yake. Tuma tena kwa uso wa orodha fupi.

*Mpokeaji anaona ( Λ_ Λ) badala ya (^_^).* Simu au mtambo ulioko njiani haujui herufi zinazohesabiwa mara mbili, ukaweka nafasi tupu na herufi iliyoko chini yake kwenye jedwali. Kwa namna hiyohiyo, mkwaju wa nyuma hugeuka `/`. Mtu huyo mtumie `:-)`, haina herufi hizo.

*Uso wako unageuka picha kabla hujatuma.* Programu nyingi za kompyuta na baadhi za simu hubadilisha `:-)` kuwa 🙂 zenyewe. Bonyeza kufuta mara moja baada ya kugeuka, mara nyingi inarudi. Ikigoma, zima ubadilishaji huo kwenye mipangilio ya programu. Tatizo hili lina ndugu yake kwenye orodha za majina: ukiandika "8)" kama namba ya mstari, inaweza kugeuka uso wenye miwani, na "Waliolipa:Dadi" bila nafasi baada ya nukta pacha inaweza kuzaa kicheko kutokana na `:D`. Weka nafasi baada ya nukta pacha, na kwenye orodha tumia "8." badala ya "8)".

*Barua pepe imefika na herufi J mwisho wa sentensi, haina maana.* Programu ya mtumaji iligeuza kicheko kuwa herufi ya fonti ya Wingdings, ambako J huchorwa kama uso unaocheka. Simu au kompyuta isiyotumia fonti hiyo inaonyesha J tupu. Soma J kama `:-)`.

*Kwenye WhatsApp uso umepoteza nyota au vistari.* WhatsApp hutumia nyota kukoleza maandishi, kistari cha chini kuyalaza, na wimbi kuyakata. `(*_*)` inaweza kufika bila macho. Ufunge uso ndani ya vikoma vitatu vilivyoinamia nyuma kila upande:

````
```(*_*)```
````

Utaonekana kwa mwandiko tofauti kidogo, lakini mzima.

*Yule wa mabega amekatika mkono wa kushoto.* Kwenye tovuti nyingi za majadiliano mkwaju wa nyuma ni amri, si herufi, hivyo unamezwa, na vistari viwili vya chini navyo huweza kugeuzwa amri ya kulaza maandishi. Andika mikwaju mitatu, na uweke mmoja mbele ya kistari cha pili pia:

```
¯\\\_(ツ)\_/¯
```

Miwili ya kwanza inatoa mkono mmoja, na iliyobaki inalinda vistari viwili.

*Mtu asiyeona anasema simu yake inasoma upuuzi.* Simu inayosoma kwa sauti huitaja emoji kwa jina lake, lakini kaomoji huisoma alama moja moja, "bano, kofia, kistari cha chini, kofia, bano", au huziruka kabisa. Hapa picha ndiyo inashinda. Kwenye kikundi chenye mtu kama huyo andika neno lenyewe, "natania", kisha usiweke kitu kingine.